Tangazo Halipigi Kengele

Ukiniuliza leo chaneli yangu ina watu wangapi, sitakusomea namba iliyo chini ya jina lake. Nitakuambia ni wangapi walioifungua posti ya asubuhi kabla ya asubuhi iliyofuata. Zamani ningekusomea ile namba ya juu, tena kwa majivuno, kwa sababu ndiyo iliyonipa wateja wa matangazo. Ushuhuda wangu ni wa jinsi nilivyohama kutoka namba moja hadi nyingine, na mambo yaliyobadilika katika kazi yangu hapa Same baada ya kuhama.

Chaneli ilizaliwa kutoka kwenye kundi la WhatsApp la wakulima wa tangawizi wa Mamba Miamba na ndugu zao walioko Dar es Salaam, Moshi na Arusha. Kundi la WhatsApp lina kikomo cha watu 1,024, nasi tulikifikia. Lakini kikomo hakikuwa shida kubwa kama namba za simu. Kwenye kundi kila mtu anaiona namba ya mwenzake, na madalali wawili watatu wakazichukua, wakaanza kuwapigia wakulima mmoja mmoja usiku: bei imeshuka, bora uniuzie sasa kabla haijashuka zaidi. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, hata mwenye kundi inambidi afikirie namba za watu anazozianika. Nikahamia kwenye chaneli, kwanza Telegram, kisha na WhatsApp ilipoleta chaneli zake Septemba 2023. Kwenye chaneli anayesema ni mwenye nayo tu, na wanaofuata hawaonani.

Watu wanafuata vitu vitatu. Bei ya tangawizi, mbichi na kavu, kwa kilo na si kwa gunia, kwa sababu gunia la lumbesa halina kilo zinazojulikana. Hali ya barabara za kupanda Mamba, Vunta, Bombo na Chome. Na misiba. Jambo la barabara asiyeishi huku anaweza kuliona dogo. Novemba 2009 mlima uliporomoka Goha, kule Mamba Miamba, baada ya mvua kubwa, ukaua watu zaidi ya 20. Tangu hapo mvua ikinyesha usiku kucha, mtu aliye Gongo la Mboto anataka kujua kumekuchaje nyumbani, na mwenye gari la mzigo anataka kujua kama apande au alale Same.

Fedha zilitoka kwa wenye maduka ya mjini: pembejeo, vifaa vya ujenzi, magari ya kwenda Dar, saluni, sare za shule. Niliwauzia tangazo kwa hesabu ambayo karibu kila mwenye chaneli Tanzania huitumia: nina watu elfu nne na zaidi, nipe shilingi kadhaa nikuwekee bango. Kila tangazo likawa posti peke yake, yenye picha iliyochorwa rangi, nalo likatoka saa yoyote mteja aliyotaka. Siku nyingine zilitoka posti tano, na kati ya hizo bei ni moja tu.

Aliyenifungua macho ni mama mmoja mwenye duka la pembejeo. Alinilipa niitangaze mbegu ya mahindi karibu na mvua za vuli, na siku chache baadaye nikapita dukani kumwamkia.

"Marahaba mwanangu," akanijibu. "Umeniambia watu elfu nne. Kwangu wamekuja wawili, na mmoja ni mtoto wa dada yangu."

Nikamwambia labda mvua zimechelewa.

"Mvua ninaziona mwenyewe. Watu ninaowauliza wananiambia wewe wanakupenda, ila wamekunyamazisha. Wanakufungua jioni wakitaka bei. Sasa mbegu yangu ya asubuhi inasomwa jioni na nani?"

Nilipofika nyumbani nikafungua ukurasa wa Telegram unaoitwa `Statistics`. Nilikuwa nikiuangalia mara kwa mara, lakini nikiishia kwenye mstari wa wanaojiunga. Safari hii nikaangalia sehemu nyingine mbili. Ya kwanza ni `Enabled Notifications`, inayoonyesha ni asilimia ngapi ya waliojiunga bado wanapata mlio posti inapotoka. Kwangu ilikuwa chini ya theluthi. Ya pili ni mchoro wa `Notifications`, unaoonyesha kwa kila siku waliozima mlio na waliourudisha. Nikachukua daftari, nikaandika tarehe za matangazo upande mmoja na vilele vya mchoro upande mwingine. Siku za posti moja au mbili mchoro ulikuwa umelala. Siku za posti nne au tano mstari wa waliozima ulipanda, na mara nyingi ulipita mbali mstari wa waliojiondoa.

Hapo nikaelewa kwa nini namba ya juu ilikuwa ikinidanganya. Anayejiondoa unamwona, kwa sababu namba inapungua. Anayenyamazisha anabaki amehesabiwa, na unaendelea kumuuza kwa wenye maduka wakati hayupo. Wapare tunasemwa kwa ubahili, na hapa maneno hayo yana ukweli: mtu wetu hatupi kitu ambacho huenda kikamfaa kesho. Hajiondoi. Anazima mlio, anakuhifadhi.

Kuna dalili nyingine ya kunyamazishwa ambayo haihitaji mchoro wowote, nayo ni mwendo wa jicho. Kila posti ya Telegram ina alama ya jicho na idadi ya walioiona. Chaneli inayosikika hupata sehemu kubwa ya macho yake katika saa mbili za kwanza. Iliyonyamazishwa hupata macho machache asubuhi, halafu yanapanda usiku watu wanapofungua simu kwa hiari yao. Jumla ya siku inaweza kulingana, lakini kwa tangazo la gari linaloondoka saa 2 asubuhi tofauti ni kubwa mno. Ila jicho nalo lina hila yake: posti ikisambazwa kwenye makundi mengine, walioisoma huko nao wanahesabiwa. Posti ya msiba wa mtu anayejulikana huweza kupata macho mengi kuliko idadi ya wafuasi wako. Usiitumie hiyo kumpangia mteja bei.

Nikabadilisha utaratibu. Mlio nikauwekea kazi moja tu: posti ya asubuhi, saa 12 kamili, yenye bei na barabara. Naiandika usiku na kuipanga kwa `Schedule Message`, kisha naamka mapema kupiga simu mbili tatu za milimani nirekebishe habari ya barabara kabla haijatoka. Barabara ikikatika mchana, hapo napiga mlio wa pili. Kitu kingine chochote kinatoka kwa `Send Without Sound`, kinachokaa kwenye chaneli bila kumshtua mtu. Kwa hiyo tangazo limepoteza haki ya kupiga kengele. Linapata kitu bora zaidi: linapanda kwenye posti ya asubuhi, chini kabisa, baada ya mstari, likiwa na neno TANGAZO mbele yake, sentensi mbili, namba moja ya simu na tarehe ya mwisho wake. Moja kwa siku. Anayetaka bango la picha anawekwa Jumanne au Alhamisi jioni, kimya, na mabango yote ya wiki yanatoka pamoja.

Picha zenyewe nimezipunguza kwa sababu ya milima. Kuna vitongoji ambavyo mtandao unashika ukisimama mahali fulani tu, na mtu mwenye bando la shilingi mia chache ameizuia simu isipakue picha. Anachokiona ni ukungu wa mraba. Maneno yanafika.

Jumamosi, mpaka jua lizame, hakuna tangazo kabisa, na hapa mtu wa Dar aliyekuwa akinisaidia kutafuta wateja alinishangaa sana, maana kwake Jumamosi ndiyo siku ya biashara. Waadventista Wasabato waliingia Tanganyika kupitia Upare mwaka 1903, wakaanzia Giti, na mpaka leo kuna kata za huku ambazo Jumamosi maduka yamefungwa na watu wako kanisani. Ukiwatumia punguzo la bei ya saruji Sabato saa 4 asubuhi, wala hawatakulalamikia. Watakuzima. Kwenye daftari langu Jumamosi ilikuwa na vilele virefu kuliko siku zote, nami sikuwa nimewahi kujiuliza kwa nini. Sasa toka jua linapozama Ijumaa hadi linapozama Jumamosi natoa habari ya barabara na misiba tu. Bei inarudi Jumamosi usiku, na tangazo la usiku huo limekuwa la thamani, kwa kuwa watu wametoka kupumzika na wanapanga wiki.

Kwa WhatsApp mambo ni kinyume. Mtu akiifuata chaneli ya WhatsApp, mlio wake umezimwa tangu mwanzo. Mpaka aguse alama ya kengele mwenyewe. Huko huna wa kumzuia asizime, una wa kumshawishi awashe. Nilijaribu kuomba kila wiki, "bonyeza kengele tafadhali," na haikuzaa kitu, kwa sababu mtu haoni sababu ya kuigusa leo. Kilichozaa ni kuomba siku ambayo kengele ingemfaa. Asubuhi moja ya masika udongo ulifunga njia ya kupanda Mamba. Niliposti mapema, magari yaliyokuwa hayajaondoka stendi yakabaki. Jioni njia ilipofunguliwa nikaandika habari hiyo, na chini yake mstari mmoja: waliowasha kengele walijua kabla hawajapakia. Siku iliyofuata macho ya saa ya kwanza yalipanda, na hayakurudi chini. Siandiki mstari huo pasipo tukio.

Turudi kwa mama wa pembejeo, maana kwake ndiko nilikopimia utaratibu mpya. Nilimwomba nirudie tangazo lake bila malipo, kwa sharti kwamba tuandike pamoja. Yeye alitaka jina la duka kwa herufi kubwa na orodha ya bidhaa. Nikamuuliza wateja humuuliza nini kwanza. Akasema huuliza mbegu ipi inafaa tambarare, kule Hedaru na Makanya ambako mvua ni ya kudonoa, na ipi inafaa juu ambako baridi inachelewesha kukomaa. Basi sentensi ya kwanza ikawa hiyo: mbegu ya muda mfupi kwa tambarare, ya muda mrefu kwa milimani, njoo na jina la kijiji chako uelekezwe. Ya pili ikawa mahali na namba ya simu. Mwishoni tukaongeza: taja neno SHENGENA upunguziwe shilingi elfu moja kwa mfuko. Shengena ni kilele chetu kirefu kuliko vyote huku Upareni, kila mtu anakijua, hivyo hakuna wa kulisahau neno hilo akifika kaunta.

Neno hilo ndilo kipimo. Macho yananiambia waliosoma, ila hayaniambii walionunua. Mwenye duka anachora mstari kwenye daftari kila neno linapotajwa, na akitangaza kwingine anatumia neno lingine. Posti ilipata macho yapatayo 1,600 kwa siku moja, na mpaka mwisho wa wiki mistari kwenye daftari la mama ilikaribia thelathini. Baadhi walikuja na majina ya vijiji yameandikwa kwenye karatasi, ya jirani na ya shemeji.

Bei yangu ya matangazo nikaipanga upya juu ya hilo. Siuzi wafuasi tena. Nauza macho ya saa 24 za kwanza kwenye Telegram, shilingi 1,000 kwa kila macho 100. Posti ya macho 1,600 ni shilingi 16,000. Nusu inalipwa mbele kwa simu, nusu baada ya kumtumia mteja picha ya skrini yenye jicho na saa. Macho yakipungua kuliko tulivyopatana, nusu ya pili inapungua. Wateja wawili wakubwa waliniacha, kwani kwingine waliahidiwa watu elfu kumi kwa bei hiyohiyo. Mmoja amerudi.

Jambo gumu halikuwa hilo. Gumu ni tangazo linalolipa vizuri na kufukuza watu. Wanaolipa kuliko wote ni wa mikeka ya kubeti na wa mikopo ya haraka ya kwenye simu. Mmoja aliyenifuata alitoa shilingi 50,000 kwa posti moja, mara tatu ya bei ya mwenye duka. Nilishaweka tangazo moja la namna hiyo kabla, kwa hiyo nilikuwa na mchoro wa siku hiyo: watu kama 90 walijiondoa ndani ya siku mbili.

Nikapiga hesabu. Kwa mwezi wa kawaida matangazo huniingizia kama shilingi 240,000, na macho ya kila siku ni kama 1,600. Kila jicho basi lina thamani ya shilingi 150 kwa mwezi. Watu 90 mara 150 ni 13,500 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 162,000. Mteja wa mkeka angenipa 50,000 na kunigharimu 162,000. Mtu anaweza kusema huenda hao 90 hawakuwa wasomaji. Ndiyo maana nasisitiza: aliyezima mlio na asiyefungua chaneli, hata hilo tangazo hakuliona. Aliyekasirika akaondoka ni yule aliyekuwa bado anasoma. Chaneli hupoteza walio macho kwanza, na waliolala wanabaki kuipamba namba ya juu.

Mikopo nayo ina hesabu nyingine. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Huku wanaiita mikopo kausha damu, na mkopaji akichelewa, wanawapigia hadi ndugu walioko kwenye simu yake. Katika jamii kama yetu hao ndugu ni walewale wafuasi wa chaneli. Mtangazaji wa fedha namwambia alete leseni, niilinganishe na orodha ya Benki Kuu. Mpaka sasa wengi huishia hapo, hawajibu tena.

Halafu kuna dalali. Huyu hakutaka tangazo. Alitaka bei. Alinifuata kwa upole, mtu mzima, tunaheshimiana.

"Kijana wangu, wewe andika tu kwamba kule juu wananunua kwa bei fulani. Mimi nitakupa kila wiki."

Bei aliyoitaja ilikuwa chini ya ile ninayoipata kwa wanunuzi watatu ninaowapigia kila jioni. Nikamwambia, "Mzee, nikuandike chini kwenye TANGAZO, kwa jina lako na namba yako, kwamba wewe unanunua kwa bei hiyo. Juu kwenye bei siuzi." Akacheka, akasema hataki jina. Pale ndipo nilipoelewa alichokuwa ananunua hasa: alitaka kuongea kwa sauti yangu. Kama ningemkubalia, mkulima angegundua siku ileile ambapo jirani yake angeuza juu zaidi, na kutoka hapo posti ya saa 12 ingekuwa karatasi ya kufungia maandazi. Siku hizi chini ya bei naandika idadi ya wanunuzi niliowauliza. Siku nikipata mmoja tu naandika mmoja, na wakulima wanajua kuipokea kwa tahadhari.

Asilimia ya `Enabled Notifications` imepanda polepole, ikapita nusu. Waliozima zamani wengi hawajarudisha mlio, na sidhani watarudisha. Kupanda huko kumetokana zaidi na wapya ambao hawajapata sababu ya kuzima. Namba ya juu imeshuka kidogo. Matangazo ni machache kuliko zamani na fedha ni ileile au juu kidogo, ila kuna miezi mikavu, hasa Februari wenye maduka wakiwa wamemaliza fedha kwenye ada.

Ninachohangaika nacho sasa ni Desemba. Wapare walioko mijini hurudi nyumbani kwa sikukuu, na wiki hizo watu hujiunga kwa wingi kwa ajili ya barabara: gari dogo linafika Suji au linaishia njiani, lori limekwama wapi. Januari wanarudi Dar, na bei ya tangawizi ya saa 12 asubuhi inawaamsha bure. Mwaka jana mchoro wa waliozima ulikuwa na kilele kimoja kirefu wiki ya pili ya Januari, bila tangazo lolote la kulaumu. Mwaka huu nimefungua chaneli ya pili ya barabara na misiba pekee, isiyo na bei, na nimeanza kuwaelekeza huko wanaojiunga kuanzia katikati ya Desemba. Mama wa pembejeo ameshaniuliza kama huko nako kuna nafasi ya tangazo. Nimemwambia asubiri nione macho ya Februari.